Kuwasilisha kwa simu, bila slaidi: maswali yenu na majibu

Nimeandaa slaidi 18 za taarifa ya nusu mwaka ya ushirika wetu wa maziwa. Sasa naambiwa kikao kitakuwa cha simu tu, dakika 30. Nizisome zote haraka haraka?
*Katibu wa ushirika, Njombe*

Hapana, ndugu katibu. Anayetazama slaidi akipitwa na jambo hurudisha macho juu akaliona tena. Anayesikiliza simu hana pa kurudisha macho, na lililompita limekwenda. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kupunguza.

Chukua karatasi, uandike chini ya kila slaidi sentensi moja tu: nataka wanachama waondoke wakijua nini? Slaidi isiyopata sentensi iache. Slaidi mbili zenye sentensi moja ziunganishe. Kwa kawaida slaidi 18 hubaki hoja nne au tano, nawe uchague nne. Slaidi ya kichwa cha habari, ya picha za ng'ombe na ya "yaliyomo" zitakuwa zimekwisha kujiondoa zenyewe.

Kisha gawa muda. Katika dakika 30, dakika kama tano zitaliwa na kuita majina na kungoja waliochelewa kuunganishwa. Weka dakika 15 za kusema na 10 za maswali. Usikusanye maswali yote mwishoni; simama baada ya kila hoja, yaani kila dakika tatu au nne, kwa sababu huoni uso wa aliyepotea njiani. Kwa mwendo wa kusikika vizuri kwenye simu, panga maneno yasiyozidi 100 kwa dakika. Maneno yetu ni marefu: "hatukuwalipa" ni neno moja, lakini lina kazi ya sentensi nzima. Hiyo ina maana hotuba yako yote isizidi maneno 1,500.

Mwanzoni waambie idadi: "Nina mambo manne: maziwa, bei, madeni, tangi jipya." Ukiingia la pili, sema ni la pili. Aliyekatika akarudi atajua mmefika wapi.

Mwisho pitia ulichoandika ukiwa na kalamu nyekundu. Futa "kama mnavyoona", "hapa", "hii ya bluu", "upande wa kulia" na "slaidi inayofuata". Kila neno la kuonyesha kwa kidole linamwambia msikilizaji kwamba kuna kitu amenyimwa.

Kwenye slaidi nina jedwali la vituo vinne kwa miezi sita. Bila jedwali hilo hakuna taarifa. Nitalisemaje kwa mdomo?

Jedwali hilo lina namba 24, na hakuna atakayeshika 24 kwa sikio. Wengi huanza kusoma mstari kwa mstari, na wakifika mwezi wa tatu wasikilizaji wamekwisha kuacha kufuata. Badala ya kulisoma, jiulize jedwali linathibitisha nini, kisha useme hilo kwanza. Namba zifuate nyuma kama mashahidi, na mashahidi watatu wanatosha.

Tuchukue ushirika wa katibu wetu wa hapo juu. Tuseme Januari walipokea lita 41,850 na Juni lita 33,920. Tofauti ni lita 7,930, na lita 5,600 kati ya hizo zimetoka kituo kimoja. Kwenye simu hayo yanasemwa hivi:

*"Jambo la kwanza, maziwa. Yamepungua kwa karibu moja ya tano toka Januari hadi Juni. Januari tulipokea kama lita elfu arobaini na mbili. Juni, kama lita elfu thelathini na nne. Pengo ni lita elfu nane. Katika kila lita kumi tulizopoteza, saba ni za Kituo cha Tatu, ambako tangi la kupoozea liliharibika mwezi wa nne. Vituo vingine vimeshuka kidogo tu. Hayo ndiyo ya maziwa. Kuna swali kabla sijaenda kwenye bei?"*

Angalia mpangilio wake. Hukumu imetangulia, kwa hiyo msikilizaji anajua anasubiri namba za kushuka na si za kupanda. Namba zimekadiriwa hadi elfu iliyo karibu, na zinajumlika: arobaini na mbili ukitoa thelathini na nne unapata nane, hivyo anayepiga hesabu kichwani hapati tofauti inayomkwaza. Asilimia 70 imegeuzwa kuwa "saba katika kumi", kitu anachoweza kukipiga picha. Miezi ya katikati imeachwa, isipokuwa Aprili, kwa sababu ndiyo yenye kisa. Na kuna mlango wa kuingilia na wa kutokea: "jambo la kwanza" na "hayo ndiyo ya maziwa".

Grafu hutendewa vivyo hivyo, ila taja kwanza umbo lake: ilipanda, ikasimama, ikaanguka ghafla. Usianze kueleza mhimili wa wima ni nini na wa ulalo ni nini. Huo ni mwongozo wa kusoma picha, na picha haipo.

Kama mkaguzi anataka kila tarakimu, ana haki nazo, lakini mpe kwa maandishi. Kwa mdomo sema: "Tarakimu kamili ziko kwenye karatasi niliyowatumia."

Kila nikitaja takwimu mtu anauliza "sita au tisa?" Mtandao ni mzuri na nasema kwa sauti kubwa. Tatizo ni nini?
*Mhasibu, Eldoret*

Tatizo ni herufi *s*, na kupaza sauti hakusaidii. Simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Mvumo wa *s* kwa sehemu kubwa uko juu ya hapo, kwa hiyo unakatwa njiani. Sasa tazama: *sita* na *tisa*, *sitini* na *tisini* zina irabu zilezile kwa mpangilio uleule, na konsonanti zilezile zilizobadilishana nafasi. Ukiondoa makali ya *s*, msikilizaji anabaki anakisia. *Thelathini* na *themanini* nazo zina undugu: zinaanza sawa na kuishia sawa.

Lugha imekwisha kutupa dawa. Tisa iseme "tisa, kumi kasoro moja". Tisini: "tisini, mia kasoro kumi". Themanini unaweza kuipa mwenza: "themanini, nane sufuri". Fanya hivyo kwa namba zinazobeba uamuzi tu, kama bei, deni au tarehe. Ukifanya kwa kila namba utachosha watu.

Mtego wa pili ni "elfu". Mwingine akisikia "elfu arobaini na mbili" anaandika 42,000, na mwingine 40,002. Kwenye slaidi tarakimu zinamaliza ubishi, kwenye simu hazipo. Namba kama hiyo ifuatishe tarakimu zake: "nne, mbili, kisha sufuri tatu." Na kipimo kitangulie namba: "shilingi", "lita", "siku". Sikio likijua aina ya kitu kinachokuja, linakipokea vizuri zaidi.

Wanaojiunga kwa intaneti, kwa Zoom au WhatsApp, kwa kawaida hupata sauti pana zaidi. Lakini kama hata mmoja amepiga kwa laini ya kawaida, andaa kwa ajili yake.

Nikiuliza "kuna swali?" ni kimya kabisa. Nikianza kuendelea, watu watatu wanaongea kwa pamoja.

Mambo mawili yanakutana hapo. La kwanza ni ucheleweshaji wa sauti. Umoja wa kimataifa wa mawasiliano, ITU, unapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili mazungumzo yaende kawaida. Ikizidi hapo, watu huanza pamoja, husimama pamoja, kisha huanza tena pamoja. La pili ni kwamba waliozima maiki wanahitaji muda wa kuiwasha. Aliyeingia Zoom kwa kupiga namba ya simu anabonyeza `*6` kuwasha au kuzima maiki, na `*9` kunyoosha mkono. Haoni maelekezo hayo popote, kwa hiyo yaseme mwanzoni.

Halafu usiulize hewani. Ita jina kwanza, swali lifuate: "Kituo cha Pili, hiyo bei mnaionaje?" Ukiweka jina mwishoni, mwenye jina anashtuka na swali limeshampita. Kisha hesabu kimoyomoyo hadi tano. Kwako sekunde hizo ni ndefu mno, lakini aliye upande wa pili anatafuta kitufe.

Kimya chako nacho kitangaze. Ukitafuta karatasi kwa sekunde kumi bila kusema, wengine watadhani simu imekatika, watakata na kupiga upya.

Nasikia sauti yangu ikijirudia. Nibadilishe simu?

Si lazima. Mwangwi unausikia wewe, lakini mara nyingi chanzo ni mwingine: ameweka simu kwenye spika, sauti yako inatoka kwake na kuingia tena kwenye maiki yake. Zimisha maiki za wengine moja moja. Mwangwi ukikata, umempata. Aondoe spika, au atumie visikilizio vya waya.

Wewe mwenyewe usiwasilishe kwa spika. Simu nyingi zikiwa kwenye spika hufifisha upande mmoja ili upande mwingine usikike, na kinacholiwa ni mwanzo wa neno. Kwa Kiswahili hiyo ni hasara kubwa, kwani "hatutalipa" ikiliwa silabi mbili za mwanzo inabaki "talipa". Shikilia maiki pembeni ya mdomo, si mbele yake, pumzi isiipige. Karatasi zako zisipigwe pini. Zipange ubavu kwa ubavu mezani ili usizifunue.

Niwatumie slaidi mapema wafuate?

Tuma ukurasa mmoja, si slaidi. Uwe na mistari minane au kumi yenye namba kubwa ubavuni, ili useme "mstari wa nne, bei". Utume jioni ya siku iliyotangulia. Lakini usiutegemee: wengi simu ile ile yenye ukurasa wako ndiyo iliyo sikioni mwao, na wengine wako barabarani. Kila kilicho kwenye ukurasa na kinachohitaji uamuzi, kiseme pia kwa mdomo.

Nina mchoro wa mabomba ya tangi jipya, na kikao kinatakiwa kuupitisha.

Unaweza kuueleza kwa kufuata njia ya maziwa, kama unavyomwelekeza mgeni: yanaingia wapi, yanapita nini, yanatokea wapi. Vituo vitano vya njiani ndiyo mwisho. Hilo litawafanya waelewe, ila kupitisha vipimo wasivyoviona ni jambo jingine. Omba kikao kipitishe bajeti leo, mchoro utumwe kwa wajumbe wote, na uamuzi juu yake uwekewe tarehe.