Nani Anakula Pesa ya Mzigo?

*Shikamoo Shangazi. Nina fremu ya viatu vya watoto hapa Morogoro, mzigo nachukua Kariakoo. Rafiki yangu mwenye duka kubwa aliniambia nisiuze chini ya faida ya asilimia 30, nami nikafuata. Kila jozi, pamoja na nauli ya mzigo, inanisimamia 14,000. Naongeza asilimia 30, nauza 18,200 na sipunguzi. Kila jioni nagawa mauzo: asilimia 70 naweka kwenye kopo la mzigo, 30 ndiyo faida. Kwenye faida nalipa kodi ya fremu, mshahara wa binti anayeuza, umeme na mengineyo, jumla 910,000 kwa mwezi. Viatu vinaisha vyote. Lakini mwezi wa kwanza nilileta jozi 200, wa pili pesa ya kopo ikatosha jozi 182, sasa ni 165. Kariakoo bei haijapanda. Mume wangu anasema binti ananiibia, nimrudishe kijijini. Ni mtoto wa mama yangu mdogo, Shangazi. Nifanyeje?*
*Mama wa Viatu, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Binti huyo asipande basi bado.

Nimekaa na barua yako na kalamu. Jozi 200 kwa 18,200 ni mauzo ya 3,640,000. Asilimia 70 yake ni 2,548,000. Gawanya kwa 14,000 uone: unapata jozi 182, haibaki hata shilingi. Mwezi uliofuata, jozi 182 zinajaza kopo kiasi cha kununua 165, na chenji kidogo. Hizo ndizo namba zako mwenyewe. Kama kuna mkono unaochota, basi ni mwizi wa ajabu, anayeiba sawasawa na ulivyopanga wewe.

Tazama kinachotokea kwenye jozi moja. Ulipopanga bei, ulichukua asilimia 30 ya 14,000, yaani 4,200, ukaiongeza juu. Jioni, ulipogawa pesa, ulitoa asilimia 30 ya 18,200, yaani 5,460. Neno ni lile lile, “asilimia 30”, lakini asubuhi limepimwa kwa bei ya kununulia na jioni kwa bei ya kuuzia, ambayo ni kubwa zaidi. Kwa hiyo kopo la mzigo linabaki na 12,740 kwa kiatu ambacho Kariakoo wanakudai 14,000. Kila jozi inayotoka inaacha pengo la 1,260. Zidisha mara 200, umepoteza 252,000 kwa mwezi, ambayo ni bei ya jozi 18 kamili. Ndiyo maana viatu vinaisha vyote na bado duka linapungua. Na kadiri unavyouza, pengo linaongezeka.

Ulichofanya wakati wa kupanga bei kinaitwa nyongeza: unapima faida kwa gharama ya bidhaa. Rafiki yako, nadhani, alikuwa anazungumzia kiwango cha faida ghafi, ambacho hupimwa kwa mauzo. Wenye maduka makubwa huongea hivyo kwa sababu wanaanzia kwenye mauzo: katika kila shilingi 100 iliyoingia, ngapi zinabaki baada ya kulipia bidhaa yenyewe. Wewe kwenye kila 18,200 zinabaki 4,200, na hiyo ni kama asilimia 23, siyo 30. (Nami nina neno na watu wanaogawa asilimia kwenye vikao vya wanawake bila kusema ni asilimia ya nini.)

Tofauti ya 23 na 30 inaonekana ndogo mpaka uweke matumizi pembeni yake. Yale 910,000 ni asilimia 25 ya mauzo yako ya mwezi wa kwanza. Wewe uliona 30 toa 25, zikabaki tano, ukapeleka 182,000 nyumbani. Kumbe faida ghafi halisi ilikuwa 840,000, haifiki hata kwenye matumizi. Ulikuwa umepata hasara ya 70,000, na ile 182,000 mliyoila nyumbani ilitoka kwenye mtaji. Jumlisha hizo mbili, utakutana na 252,000 ile ile.

Sasa bei. Ukitaka kweli asilimia 30 ya mauzo, usizidishe, gawanya. Bei ya kununulia inatakiwa kuwa 70 katika kila 100 ya bei ya kuuzia, kwa hiyo chukua 14,000 ugawe kwa 0.7. Unapata 20,000. Hapo ukitenga asilimia 70 jioni, kopo linapata 14,000 na kiatu kinarudi dukani. Ukipima kwa upande wa kununua, umeongeza karibu asilimia 43. Usishtuke na namba hiyo, hujamlangua mtu, ni 6,000 ile ile imepimwa kwa kijiti kingine.

Najua utasema wateja watakimbia. Baadhi watakimbia, sitakudanganya. Ila kwa 18,200 ulihitaji kuuza jozi 217 kwa mwezi ili kulipa matumizi tu, na hukuwahi kuwa na jozi hizo dukani. Kwa 20,000 zinatosha 152. Mwezi huu una 165: ukiziuza zote utabaki na 80,000 baada ya matumizi. Hiyo usiipeleke nyumbani, ongezea jozi tano, kopo lianze kupanda. Kama majirani zako wanauza kiatu kile kile 18,000 na wewe huwezi kuvuka hapo, basi tatizo liko kwenye kodi ya fremu au kwenye bei unayonunulia, na hakuna asilimia itakayokuokoa.

Kuna wateja wa kubembeleza pia. Ukimpunguzia mtu asilimia 10 ya 20,000, unamwachia 2,000. Kwake ni sehemu ya kumi, kwako ni theluthi ya ile 6,000. Kama kwenu lazima watu waombe punguzo, bandika 22,000 na umwambie binti asishuke chini ya 20,000.

Mpaka uzoee, achana kabisa na asilimia za jioni. Hesabu jozi zilizouzwa, weka 14,000 kwa kila moja kwenye kopo kabla hujagusa kingine, kinachobaki ndicho cha matumizi. Nauli ya mzigo ikipanda, badilisha hiyo 14,000 siku hiyo hiyo, na bei ya kuuzia nayo.

Na kumhusu mdogo wako, mwambie shemeji yake, yaani mumeo, kwamba wizi unatafutwa kwenye viatu. Jumapili fungeni duka, hesabuni jozi zilizopo, jumlisheni na zilizoandikwa kwenye daftari kuwa zimeuzwa. Zikifika idadi uliyoleta, na pesa za mauzo zikiwa sawa na jozi mara bei, hakuna aliyechukua kitu. Zikipungua jozi ambazo hazikuandikwa, hapo kaa na binti muulizane. Bei mbaya haipotezi jozi hata moja dukani. Fanyeni hesabu hiyo yeye mwenyewe akiwepo, na matokeo ayasikie kutoka kwa shemeji.