Diskasheni na madesa ukienda kusoma Uingereza

"Wakuu, naenda kusoma masta Uingereza. Madesa na diskasheni huko vinaruhusiwa? Turnitin wanataka isizidi asilimia ngapi?"

Achana na asilimia kwanza. Hilo swali ndilo lililotuponza.

Kaka mmoja aliyetutangulia chuoni Uingereza alituambia: "Gawaneni kazi, kisha kila mtu aandike kwa maneno yake, Turnitin haikamati." Tulikuwa Watanzania watatu, insha kuhusu vikundi vya kuweka na kukopa. Mmoja alitafuta maana, mwingine mifano, mimi kasoro. Tukapeana maelezo WhatsApp, kila mtu akaandika yake. Nilipoipakia Turnitin siku chache kabla ya mwisho, ilionyesha rangi ya kijani, yaani mfanano mdogo. Nikalala usingizi.

Kumbe chuoni kwetu ilipangwa kwamba siku ya mwisho ikipita, ripoti inatengenezwa upya na kazi za darasa zinalinganishwa zenyewe kwa zenyewe. Hata hivyo asilimia haikupanda sana. Aliyetukamata ni mhadhiri kwa macho yake: hoja zilezile kwa mpangilio uleule, na wote watatu tulinukuu ukurasa wa 47 wakati sentensi iko ukurasa wa 74. Mmoja alikosea kunakili, wawili hatukufungua kitabu. Sote tukapata sifuri, pamoja na yule aliyefungua kitabu mwenyewe. Kwao anayetoa na anayepokea wana kosa moja.

Yule kaka bado ananiudhi. Alijua kwamba sisi tumetoka kwenye darasa la mamia, kitabu kimoja maktaba, ambako ukificha desa unaitwa mchoyo, na mhadhiri anafurahi ukimrudishia handauti yake kwenye mtihani. Huko nyumbani kazi ni yako ukiielewa na kuweza kuieleza. Kule, ikisemwa ni ya mtu mmoja, wanadai kila hatua uifanye wewe: kutafuta chanzo, kuchagua mfano, kupanga hoja. Kubadilisha maneno ni hatua ya mwisho tu, na sisi ndiyo pekee tuliyoifanya wenyewe.

Kwa hiyo shika hili moja: diskasheni iishie mdomoni. Bishaneni kuhusu mada mpaka usiku, lakini asiondoke mtu na maandishi ya mwenzake, wala usitume faili lako kwa yeyote kabla ya kazi zote kusahihishwa. Akikuomba, mwambie uko tayari kukaa naye umweleze. Atanuna, mwache anune.

Na usikisie. Kuna somo wanataka mfanye kikundi na somo la jirani ni marufuku, chuo kilekile. Kabla ya insha ya kwanza mwandikie mhadhiri barua pepe: "Je, tunaweza kujadili mpangilio wa hoja na wenzangu, au mada tu?" Jibu lake lihifadhi. Sisi kwenye kikao tuliulizwa nani alituruhusu, na hatukuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha.