PAYE yangu yaonekana kubwa, nitajuaje kama wamekata sawa?

"Niko Lamu, nimeajiriwa hotelini. Kila mwezi peslipu ina PAYE, NSSF, SHIF na AHL, nikimuuliza mhasibu aniambia kompyuta ndo inapiga. Naweza kujikagulia vipi?"

Kompyuta inapiga ilichoambiwa ipige tu ndugu yangu. Mie nilikatwa zaidi miezi 5 mfululizo na hesabu ilikuwa ya kompyuta hiyohiyo. Nilianza kazi kwenye hoteli moja hapa Malindi Februari 2025, grosi 48,000 ukijumlisha na posho ya nyumba, na nilikuwa naangalia ile ya chini kabisa tu, neti 37,160.65, nanyamaza. Mwezi wa 6 watalii hamna, mvua tu, tumekaa bila kazi, nikachukua peslipu na kalkuleta ya simu.

Usianze na PAYE, anza na hizi tatu kwanza kwa sababu kodi inategemea hizo. NSSF ni asilimia 6, kwangu 2,880, na mara nyingi utaiona imegawanywa mistari miwili, Tier I na Tier II, we jumlisha tu. Mipaka ya Tier hizo hubadilika kila Februari: 2025 ilikuwa 8,000 na 72,000, 2026 ikawa 9,000 na 108,000, kwa hivyo mtu wa 48,000 mgawanyo wake unabadilika lakini jumla ni ileile. SHIF ni asilimia 2.75 ya grosi, 1,320. AHL, ile ya nyumba, asilimia 1.5, yaani 720. Zote tatu kwangu zilikuwa sawa kabisa, na hapo ndo wengi huachia wakisema basi iko poa.

Sasa tatizo lilikuwa kwenye Taxable Pay. Tangu 27 Desemba 2024 sheria ilibadilika, SHIF na AHL zinatolewa kwenye grosi KABLA ya kupigiwa kodi kama vile NSSF. Zamani ilikuwa unapigiwa kodi kwanza halafu unapewa nafuu ya asilimia 15 upande wa bima, na nyingine kama hiyo upande wa nyumba. Kwetu walifuta hizo nafuu, sawa, lakini hawakuzitoa SHIF na AHL juu, yaani tukakosa huku na kule! Peslipu yangu ilisema Taxable Pay 45,120, ambayo ni 48,000 kutoa NSSF peke yake. Ilitakiwa iwe hivi:

```
48,000 - 2,880 - 1,320 - 720 = 43,080
24,000 x 10%  = 2,400.00
 8,333 x 25%  = 2,083.25
10,747 x 30%  = 3,224.10
jumla           7,707.35
Personal Relief -2,400.00
PAYE            5,307.35
```

Wao walikata 5,919.35. Tofauti 612. Na kuna njia ya mkato ya kujua kama ni kosa hilihili ama jingine: jumlisha SHIF na AHL, zidisha kwa 30%. 2,040 mara 0.30 ni 612 kamili, basi ugonjwa umejulikana. Hiyo 30% ni kama Taxable Pay yako iko juu ya 32,333 hata baada ya kuzitoa, ukiwa chini ya hapo hata kabla ya kuzitoa, na juu ya 24,000 baada ya kuzitoa, utumie 25%.

Na ile lawama ya kila siku eti ovataimu inaliwa, mara nyingi si wizi. Kwa mshahara kama wangu kila 1,000 ya ziada hukatwa 102.50 za hizo tatu, halafu 30% ya 897.50 iliyobaki, mfukoni inaingia kama 628. Inauma lakini ni hesabu.

Nilimwendea mhasibu na karatasi, sikuenda na maneno. Nikamwambia kaka nionyeshe hii 45,120 imetoka wapi. Akaangalia, akanyamaza, akasema programu ya mishahara haikubadilishwa vizuri. Julai PAYE ikaja 2,247.35, yaani 5,307.35 kutoa zile 3,060 za miezi 5, na wenzangu wa jikoni pia wakarudishiwa, kumbe sote tulikuwa mkumbo mmoja.

Usingoje mwaka uishe, ndani ya mwaka ni rahisi kwake kusawazisha kwenye mshahara unaofuata. Ukiisha, ndo uangalie fomu ya P9 atakayokupa ya kujazia ritani kwenye iTax kabla ya 30 Juni, uone kama SHIF na AHL zimetolewa mle.

Kitu peslipu haiwezi kukuonyesha ni kama pesa zilifika. Mie NSSF yangu ya Aprili ilikatwa sawasawa lakini kwenye stetimenti haikuwepo, mpaka nilipouliza. Ingia akaunti yako ya NSSF ulinganishe mwezi kwa mwezi.

Weka figa zako hapa tukupigie, lakini ficha jina na namba ya KRA.