Usiweke kanuni ya siku 90 juu ya jedwali la Iceberg

Kama una jedwali la Iceberg juu ya MinIO au hifadhi nyingine ya aina ya S3, andika amri hii kabla ya kuendelea kusoma, ukiweka jina la baketi yako:

```
mc ilm rule ls lokali/ghala
```

Ukiona kanuni inayofuta faili za sasa kwa kuhesabu siku, iondoe. Sisi hapa Lubumbashi kanuni kama hiyo ilitufutia siku 39 za data, na zaidi ya mwezi mmoja ulipita hatujajua.

Kazi yetu ni kupokea nafasi za kamyo zinazobeba mizigo kati ya Kasumbalesa, Likasi na Kolwezi. Kila kamyo ina kifaa cha GPS, na data yake inaingia kwenye seva iliyo pale biro kila dakika 10. Kwa hiyo kwa siku moja tunaandika faili ndogo 144 za Parquet, jumla yake kama MB 400. Usiku kazi moja inaziunganisha kuwa faili moja kubwa ya siku. Kazi ya pili inaingiza data iliyochelewa, maana kamyo ikiwa mahali pasipo na mtandao huweka nafasi zake na kuzituma baadaye, mara nyingine baada ya siku 6 au 7.

Hiyo kazi ya pili ndiyo iliyojaza diski. Faili ya Parquet kwenye S3 hairekebishwi katikati. Ukitaka kuongeza mistari 20 iliyochelewa ndani ya siku ya juzi kwa `MERGE`, Iceberg, ikiwa imewekwa kwa njia ya kunakili wakati wa kuandika, inasoma faili yote ya MB 400 na kuandika nyingine mpya. Ile ya zamani haifutwi. Sasa hesabu: siku moja ina faili zake ndogo (MB 400), faili iliyounganishwa (MB 400), halafu nakala mpya kila usiku kwa muda wa wiki. Inafika karibu GB 3.6 kwa siku ambayo data yake halisi ni GB 0.4. Baada ya siku 100 tulikuwa na GB 360 kwenye diski, na zilizo hai zilikuwa GB 40 tu.

Mwenzangu aliona diski inajaa, akafanya kitu ambacho kwa macho kilikuwa na akili. Aliacha folda ya `metadata` bila kuigusa, akaweka kanuni juu ya folda ya `data` peke yake: faili ikifikisha siku 90, ifutwe. Aliwaza kwamba kilichokaa siku 90 lazima kiwe mabaki ya kuunganisha. Hiyo ilikuwa tarehe 10 mwezi wa 12, 2024. Jedwali lilikuwa limeanza tarehe 1 mwezi wa 9.

Ili uone kosa liko wapi, fuata jinsi Iceberg inavyojua faili zipi ni za jedwali. Iceberg ilizaliwa Netflix, ikaingia Apache mwaka 2018, na shida iliyokuja kuitatua ni hii hasa: zamani jedwali lilikuwa ni folda, na chochote kilichokuwa ndani ya folda kilihesabika. Kazi ikikatika katikati, nusu ya faili zake tayari zinasomwa. Iceberg iliacha kuamini folda. Katalogi inashika kitu kimoja tu, yaani anwani ya faili ya `metadata.json` ya sasa. Faili hiyo inataja snapshoti zote zilizobaki. Kila snapshoti ina orodha ya manifesti, na manifesti ndizo zinazotaja faili za Parquet moja moja, pamoja na idadi ya mistari iliyo ndani yake. Anayeandika anaweka kwanza faili zake zote mpya pembeni, halafu mwisho kabisa anaiomba katalogi ibadilishe anwani, kwa sharti kwamba hakuna mwingine aliyeibadilisha kabla yake. Likishindikana anajaribu tena juu ya hali mpya. Muamala wote ni hilo badiliko moja la anwani.

Kwa hiyo uhai wa faili unatokana na kutajwa. Tarehe yake haikuambii kitu. Na kwa data kama yetu, tarehe inakudanganya kabisa. Siku ya mwezi wa 9 iliyokwisha kupokea machelewa yake yote haiandikwi tena. Faili yake inakaa imetulia miezi na miezi, na ni hai. Mabaki mengi yako wiki hii, machanga, na kanuni ile inayaacha yakae siku 90 nzima. Siku ile ya kwanza kanuni ilifuta chini ya GB 36 kati ya 360, na ndani yake ilichukua faili za siku zilizotulia.

Hatukuona kitu kwa sababu maswali ya kila siku yanagusa wiki ya mwisho tu. Manifesti zina thamani ya chini na ya juu ya safu, kama `muda`, kwa kila faili, kwa hiyo swali la wiki hii halifungui hata kidogo faili za mwezi wa 9. Tarehe 15 mwezi wa 1 tulitoa ripoti ya mwaka, Spark ikasimama na `NoSuchKey`, hali 404. Kijana wetu akajaribu `SELECT count(*)`, na jibu likaja kamili. Akaniita: "Yaya, mistari yote iko, ni mtandao tu unasumbua." Tulipoteza saa nyingi tukichunguza nyaya. Sababu ni kwamba hesabu hiyo Spark inaweza kuijumlisha kutoka kwenye manifesti bila kufungua Parquet hata moja. Ukitaka kujua kama data iko kweli, jumlisha safu fulani, kwa mfano `sum(kasi)`, maana hiyo italazimisha kusoma faili zenyewe.

Jambo la pili kijana huyo alilojaribu lilikuwa kurudi nyuma kwenye snapshoti ya mwezi wa 11, akidhani ile ina data yake. Haina. Snapshoti ni orodha, si nakala. Ile ya mwezi wa 11 na ya leo zinataja faili ileile moja ya tarehe 5 mwezi wa 9. Ikitoweka, imetoweka kwa zote mbili. Nimekutana na watu wanaotegemea snapshoti kama akiba ya dharura, na ningependa waache leo.

Kupata orodha ya vilivyopotea ni rahisi. Chukua njia za faili kutoka kwenye jedwali lenyewe:

```sql
SELECT file_path FROM ziwa.safari.nafasi.files;
```

Halafu chukua zile zilizo kwenye diski kwa `mc find`, ondoa mwanzo wa njia ili orodha zote mbili zifanane, zipange kwa `sort`, ulinganishe:

```
comm -23 jedwali.txt diski.txt
```

Kinachotoka ni faili zinazotajwa ambazo hazipo. Kwetu zilikuwa 39, kuanzia tarehe 1 mwezi wa 9 hadi tarehe 9 mwezi wa 10.

Tulikuwa tumetunza CSV asili kwenye diski ya nje. Lakini kwanza jedwali lilipaswa kusahau faili 39 zile. Iceberg inaweza kufuta patisheni nzima bila kufungua faili, kwa kuiondoa kwenye manifesti tu, ilimradi sharti lako liangukie sawasawa kwenye mpaka wa patisheni. Hapo tulikwama mara ya kwanza. Patisheni ya `days(muda)` inakata siku kwa saa za UTC, na sisi tuko mbele kwa saa 2. Saa sita usiku ya Lubumbashi kuingia tarehe 10 bado ni saa nne usiku ya tarehe 9 kwa UTC. Spark ikaona sharti linakata siku ya 9 katikati, ikataka kufungua faili yake ili iiandike upya, na 404 ikarudi. Dawa ni mstari mmoja juu:

```sql
SET TIME ZONE 'UTC';
DELETE FROM ziwa.safari.nafasi
WHERE muda < TIMESTAMP '2024-10-10 00:00:00';
```

Baada ya hapo tuliingiza CSV upya. Kati ya hatua hizo mbili wasomaji waliona pengo. Leo ningeweka `spark.sql.sources.partitionOverwriteMode` kuwa `dynamic`, maana bila hiyo jedwali lote linabadilishwa, halafu ningetumia `INSERT OVERWRITE` ya patisheni husika, ambayo inaondoa na kuweka kwa muamala mmoja.

Diski yenyewe sasa tunaisafisha kwa njia ambayo Iceberg inaijua:

```sql
CALL ziwa.system.expire_snapshots(
  table => 'safari.nafasi',
  older_than => TIMESTAMP '2025-01-20 00:00:00',
  retain_last => 20);
```

Amri hii inaondoa snapshoti za zamani, kisha inafuta faili ambazo hakuna snapshoti iliyobaki inayozitaja. Faili ya mwezi wa 9 iliyo hai haiguswi, hata ifikishe miaka. Usipoweka tarehe, inashika siku 5 za nyuma. Kwetu siku 5 za mabaki ni kama GB 16, kwa hiyo zile GB 360 za mwezi wa 12 zingeshuka hadi chini ya 60. Bei yake ni kwamba huwezi tena kuuliza jedwali lilikuwaje wiki mbili zilizopita, basi chagua siku kulingana na muda ambao kosa huchukua kugunduliwa kwenu. Wanaotumia Delta Lake wana `VACUUM`, yenye siku 7, na kanuni ya baketi inawaumiza vilevile.

Kanuni ya baketi ninayoikubali ni moja: washa matoleo, kisha futa yale tu ambayo si ya sasa.

```
mc version enable lokali/ghala
mc ilm rule add lokali/ghala --noncurrent-expire-days 7
```

Hapo kinachofutwa ni kile ambacho tayari kiliondolewa, na ukikosea una siku 7 za kukirudisha. Tungekuwa na hili tangu mwanzo, na tungeligundua mapema, CSV zisingehitajika.

Kuna faili za aina moja ambazo `expire_snapshots` haizifikii. Umeme ukikatika wakati kazi inaandika, Parquet zake zinabaki kwenye folda lakini anwani ya katalogi haikubadilika, kwa hiyo hakuna snapshoti yoyote iliyowahi kuzitaja. Msomaji hazioni, diski inazibeba. Hizo ziondoe kwa `remove_orphan_files`, kwanza ukiweka `dry_run => true` ili usome orodha kwa macho yako. Kwa kawaida inaacha kila kitu cha siku 3 za mwisho, nayo inakataa ukitaka chini ya saa 24. Usitafute njia ya kuizunguka: faili za kazi inayoendelea sasa hivi nazo hazijatajwa popote, na kwa amri hiyo zinafanana kabisa na mabaki. Sisi tunaiendesha Jumapili mchana, kazi zote zikiwa zimesimama.