Meni swichi saa 8 usiku ni ya nani?

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Nina duka la jumla la dawa Dar es Salaam, jirani na bonde la Msimbazi, wafanyakazi 11, na tawi dogo Bukoba lenye watu 4. Masika iliyopita maji yalijaa kwenye mtaro wa barabarani, na kama dakika 40 baadaye yalikuwa kwenye ngazi ya mlango. Tuna friji 2 za insulini, na jenereta iko chini nyuma ya stoo. Mkaguzi anataka mpango wa dharura wa mafuriko, tetemeko na kukatika umeme. Nimepata mfano wa kurasa 40, sijui nianzie wapi.

Jibu: Nzuri, dada. Hizo kurasa 40 ziweke kabatini. Unachohitaji ni karatasi 2, moja ya Dar na moja ya Bukoba, zibandikwe pale daftari la mahudhurio linapokaa. Nikiingia kwenye stoo ya mtu naanza na swali moja tu: meni swichi iko wapi, na saa 8 usiku nani ana ruhusa ya kuizima? Mara nyingi naambiwa "bosi." Na bosi saa 8 usiku amelala kwake, ng'ambo ya maji. Ukilijibu swali hilo vizuri, nusu ya mpango wako umeshaandikwa.

Kwa Dar, mtu huyo ni mlinzi wa zamu. Mchana awe mtunza stoo, na asipokuwepo, mtu wa kaunta. Waandike kwa majina, na kila jina liwe na msaidizi wake, kwa sababu likizo na misiba haiangalii mvua. Mlinzi aonyeshwe swichi kwa mkono wake mwenyewe, apewe tochi, simu yenye vocha, na barua fupi yenye sahihi yako kwamba akizima hatadaiwa hasara. Bila barua hiyo hatazima, atakupigia kwanza kuomba ruhusa, na dakika zinaondoka.

Sasa dakika zenyewe. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, kwa hiyo mto unaweza kufura mtaani kwenu kukiwa kukavu kabisa. Huku chini nako, bahari ikiwa imejaa, hasa siku za bamvua, maji ya mto hayapati pa kutokea. Mtu anayeangalia mawingu ya juu ya paa lake atachelewa. Aangalie mtaro.

Umeniambia kutoka mtaro kujaa hadi ngazi ni dakika 40. Hesabu katoni zilizo kwenye rafu za chini. Tuseme ni 180, na mnazipandisha ghorofani au kwenye rafu za juu. Mtu mmoja, kwenda na kurudi, ni dakika moja na nusu. Watu 5 watamaliza kwa dakika 54, kama hakuna atakayechoka. Maana yake mkisubiri mtaro ujae mmeshashindwa, na usiku mkiwa na mlinzi mmoja msihesabu hata katoni moja. Kwa hiyo alama ya kwanza isiwe maji. Iwe taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa: ikitoa tahadhari ya mvua kubwa kwa Dar es Salaam, hata kama jua linawaka, rafu za chini zinaondolewa kabla ya kufunga duka jioni hiyo. Mtasumbuka bure mara kadhaa kwa msimu. Ni jasho la saa moja kila mara, na mimi nakubali bei hiyo. La kudumu zaidi ni kuinua rafu ya chini kabisa ipite alama ambayo maji yaliwahi kuacha ukutani.

Alama ya pili ni mtaro kujaa. Hapo insulini inatoka kwenye friji na kuingia kwenye visanduku vya baridi, na watu wanajiandaa kuondoka. Alama ya tatu ni maji kugusa ngazi ya chini. Meni swichi inazimwa, mikono ikiwa mikavu na miguu kwenye sakafu kavu, mlango unafungwa, wote wanaondoka kwa njia ya mwinuko, si ile inayokatiza mtaro. Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Kuna sentensi moja iandike kwa herufi kubwa: maji yakishaingia ndani, hakuna anayeifuata swichi. Soketi nyingi ziko sentimita 30 hivi kutoka sakafuni, na ekstensheni zimelala chini kabisa. Hapo mnakaa nje na kuwaomba TANESCO wakate umeme kwenye nguzo.

Visanduku vya baridi vina mtego wake. Insulini inahifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Wengi wanaogopa joto, kumbe wanaiua kwa barafu. Vifurushi vya barafu vikitoka kwenye friza viache nje mpaka vitoe jasho na ukivitikisa usikie maji yanacheza ndani. Ndipo uvipange, weka kadibodi kati yake na dawa, na kipimajoto kiwe katikati ya dawa, si kando ya barafu.

Umeme ukikatika bila mafuriko, swali ni friji yako inavumilia muda gani, na jibu halimo kwenye kitabu chake. Jumapili moja hamishia insulini yote friji ya pili, hii ijaze chupa za maji kwa wingi uleule, iache ipoe hadi nyuzi 4 au 5, kisha ichomoe. Usifungue mlango. Andika saa ambayo kipimajoto kinafika 8. Kama imechukua muda wa saa 3 tangu uichomoe, amri yenu iwe: saa 2 zikipita bila TANESCO wala jenereta, dawa zinahama. Rudia jaribio mwezi wa joto, Januari au Februari, maana stoo ya Julai ni stoo nyingine.

Jenereta isiishi chini pale ilipo. Iinue juu ya jukwaa la zege linalopita alama ya maji, iwe nje, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Iunganishwe kwa swichi ya kubadilishia, ile mafundi wanayoiita chenjiova. Wanaochomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani wanarudisha umeme kwenye laini ya mtaani, na fundi aliyepanda nguzo akijua laini imekufa ndiye atakayeupokea. Kila wiki mbili iwashwe dakika 20 ikiwa imebeba friji zote mbili. Kunguruma bila mzigo si jaribio. Tarehe 25 Agosti 2023 Kenya ilipokosa umeme karibu nchi nzima, kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jenereta moja ilikataa kuwaka, na abiria wakakaa gizani.

Bukoba mpangilio unageuka. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, lilikuja Jumamosi alasiri bila taarifa yoyote ya hali ya hewa. Hakuna alama ya kwanza wala ya pili, na ardhi ikitikisika hakuna wa kugusa swichi. Aliye ndani anajitupa chini ya meza imara na kuishika mguu, anafunika kichwa na shingo. Wengi huumizwa na vinavyoanguka wanapokimbilia nje: matofali ya juu ya mlango, vioo, makabati. Isipokuwa aliye hatua mbili tatu kutoka mlango ulio wazi, kwenye jengo la tofali bila nondo; huyo atoke na asisimame chini ya ukuta. Mtikisiko ukikoma, wote watoke wakakusanyike mbali na kuta na nyaya, na aliye karibu na meni swichi aizime akipita, kama iko mlangoni na ukuta haujapasuka. Hakuna kurudi ndani kuchukua simu, mitetemeko mingine hufuata. Kazi kubwa ya Bukoba ni ya kabla: rafu zifungwe ukutani kwa vyuma, chupa za dawa za maji zishuke rafu za chini. Ndiyo, ni kinyume cha Dar, na ndiyo maana nimesema karatasi mbili.

Matawi yenu mawili yana faida ambayo wengi hawana. Jambo likitokea Dar, wote wa Dar wanatuma ujumbe mfupi kwa mtu mmoja wa Bukoba, na wa Bukoba vilevile kwa mtu wa Dar. Mitandao ya eneo lililopigwa huelemewa na simu za kupiga, lakini ujumbe mfupi hupenya, wakati kundi la WhatsApp linangoja bando na mnara. Ujumbe uwe na mambo matatu: jina, uko wapi, umeumia au hapana. Anayepokea analinganisha na orodha iliyochapwa kwenye karatasi, kisha anakujulisha wewe. Pale mlangoni, aliyeshika daftari la mahudhurio anatoka nalo na kuita majina, wateja nao wahesabiwe. Zimamoto ni 114, iandikwe juu kabisa.

Baada ya maji kuondoka ndipo nimeona hasara kubwa kuliko mafuriko yenyewe. Stoo moja niliyoitwa, maji yalitoka usiku, asubuhi sakafu ikadekiwa, na mtu mwenye haraka akapandisha meni swichi ili "friji zisichelewe." Tope lilikuwa bado ndani ya soketi. Breka zilidondoka, akazirudisha, mara ya tatu kompresa mbili zikaungua. Friji zilikuwa zimenusurika na maji, zikafa kwa umeme.

Kwenye karatasi yako weka jina la anayezima na jina la anayeruhusu kuwasha, na wasiwe mtu mmoja. Anayeruhusu awe fundi mwenye leseni, baada ya kupima kila laini kwa mega, kile kifaa kinachoonyesha kama umeme unavuja kwenye nyaya. Ikisoma chini ya megaomu 1 laini haiwashwi, inakaushwa na kupimwa tena. Soketi na breka zilizozama zinabadilishwa, hazianikwi. Piga picha kabla ya kufagia, alama ya maji ukutani ionekane, na soma bima yako leo: bima nyingi za moto hazilipi mafuriko mpaka uongeze kifungu chake. Dawa zilizoguswa na maji hazikaushwi wala haziuzwi kwa bei ya chini. Zitengwe, ziorodheshwe, na mamlaka ya dawa, TMDA, waarifiwe waelekeze namna ya kuziteketeza.

Karatasi zikiwa tayari, fanyeni zoezi mwezi huu, jioni mlinzi akishaingia zamu. Wewe usiwepo. Kaa nyumbani, simu mkononi, na uandike ujumbe wa kwanza kutoka Bukoba umekufikia saa ngapi.