Kamba, midomo kuwasha na koo kubana

"Wadau wa Lamu, mume wangu akila kamba midomo yamuwasha, juzi hata koo likambana kidogo, nikampa Piriton ikaisha. Niendelee hivyo tu?"

Hapana dadangu, usiendelee, hiyo huenda ni aleji, na hapo pa koo ndipo paliponishtua maana mdogo wangu alianza vivyo hivyo. Tulikuwa Shela kwenye chakula cha harusi, kala kamba, hata dakika tano hazijaisha akawa ajisugua midomo kwa mgongo wa mkono, mara akohoakohoa kama ana mwiba kooni, na sauti ikaanza kukwaruza. Kumfunua shati, tumbo zima mabaka mekundu. Sisi tukampa Piriton mbili tukamwambia tulia barazani itashuka, na hilo ndilo kosa letu kubwa. Kama robo saa hivi akasema ana kizunguzungu, akainuka aende chooni, akaanguka pale pale mlangoni.

Tukamlaza chini ndani ya boti, miguu tumeipandisha juu ya ubao mpaka mjini. Kule hospitali wakampiga sindano ya adrenalini nusu miligramu (hiyo ni dozi ya mtu mzima) kwenye paja, upande wa nje, dakika tano kupita bado presha iko chini wakampiga ya pili, hapo ndo macho yakarudi na sauti ikafunguka. Walimlaza hadi asubuhi kwa sababu aleji hii yaweza kurudi baada ya masaa hata kama hujala tena.

Daktari alitueleza hivi: mwili waidhania ile protini ya kamba ni adui, wamwaga kemikali kwa pamoja, mishipa inalegea na kuvuja kwa hivyo presha yashuka, na huku koo lavimba na njia za pumzi zabana. Piriton yapunguza muwasho tu, tena polepole, haifungui koo wala haipandishi presha, adrenalini ndiyo inayofanya yote mawili. Na kule kuinuka ndiko kulikomwangusha, damu ilishuka miguuni moyo ukakosa cha kusukuma. Kwa hivyo mgonjwa alazwe, asitembezwe wala asipandishwe punda au boda akiwa wima. Akishindwa kupumua akiwa amelala, mwache akae miguu ameinyoosha, na akitapika mgeuze ubavu.

Usijipe moyo kwamba juzi iliisha, huenda iliisha yenyewe, na ya safari ijayo hakuna awezaye kujua itakuwa nzito kiasi gani. Mumeo aache kamba, na kambamti na kaa pia mpaka apimwe maana protini yao yafanana, na kupika hakuiuwi, hata mafuta yaliyokaangia kamba yanaweza kumdhuru. Mwenye aleji ya njugu ni vivyo hivyo kwa kashata.

Koo likibana tena, au sauti ikibadilika, usingoje kuona kama itashuka, mpelekeni hospitali hapo hapo na mtu apige simu mbele waandae adrenalini. Na kesho pita dispensari ya karibu nanyi uulize kama wanayo, na usiku nani ana ufunguo.