Picha ya mwisho ilikuwa ya Machi

*Swali la wiki: Kuna kitu uliamini kinafanya kazi vizuri, kumbe kilisimama kitambo? Tuambie ilivyokuwa.*

Mimi ni fundi wa simu, niko Luthuli Avenue, na hii stori si yangu, ni ya shangazi yangu mwenye duka Kayole. Amenikubalia niisimulie bora nisitaje jina la duka.

Kwanza muelewe kwa nini picha ni kitu kubwa kwake. Anti anauza unga, mkate, mafuta ya kupima, gesi ndogo, vitu vya kawaida vya duka la mtaa, na kila jioni kabla hajavuta shata anapiga picha ukurasa wa siku hiyo wa daftari la madeni pamoja na risiti zote alizoletewa na wenye mali. Alianza hivyo kwa sababu zile risiti za mashine zinafutika. Hiyo karatasi haitumii wino, imepakwa dawa inayobadilika rangi ikipata joto na mashine inachora na joto tu, sasa ukiiweka ndani ya mkebe kwa duka la mabati jua la saa nane likiwaka, miezi kadhaa ikipita unatoa karatasi tupu huwezi soma hata tarehe. Alishaumwa na hiyo. Ndio akaamua kila kitu ni picha, na kijana mmoja wa plot akamwekea bakapu kwa Google Photos, ile programu ya picha inayokuja na simu nyingi za Android, akamwambia hata simu ikiibwa picha ziko juu huko.

Na kwa muda mrefu zilikuwa zinaenda kweli.

Sasa mwezi wa tisa simu yake ikaanguka kwa simiti. Kioo hakikuzima, unaona kila kitu, lakini tachi ya nusu ya juu ikafa, hawezi kuchora hata ile patani ya kufungua. Akanunua ingine, hakunipigia hata simu (tutaongea hiyo siku ingine), akaingia na akaunti yake, picha zikashuka tele, harusi, watoto, duka, akaridhika. Nani huanza kuangalia tarehe kama anaona picha zimejaa?

Siku chache baadaye akaja kijana wa mauzo wa msambazaji mmoja wa unga, na kitabu chake. Anasema kuna mzigo wa tarehe 21 Juni, jumla 18,400, na kwa kitabu chake ameona 10,000 tu, kwa hivyo anti anadaiwa 8,400. Anti akacheka. Anaikumbuka hiyo siku vizuri, alituma 10,000 kwa M-Pesa halafu 8,400 akampa dereva keshi mkononi, na dereva akaandika "keshi 8,400" kwa biro juu ya invoisi akatia sahihi. Ile ya M-Pesa haina shida, meseji iko na hata ikipotea unaweza kuomba stetimenti. Lakini keshi ni ile sahihi tu, na karatasi yenyewe haionekani ilipo. Anti akamwambia, ngoja kijana, nikuonyeshe picha.

Akashusha na kidole. Picha za hii wiki za simu mpya, tatu nne hivi, halafu moja kwa moja tarehe 14 Machi, mtungi wa gesi uliokuwa unavuja. Katikati hakuna kitu. Aprili hakuna, Juni hakuna, Agosti hakuna. Akashusha akapandisha, akazima simu akawasha. Yule kijana amesimama tu hapo kwa kaunta anakunywa soda, hasemi kitu, na anti anasema hiyo kunyamaza ndiyo ilimuuma zaidi.

Ndio akanipigia. Swali langu la kwanza lilikuwa, anti, mwezi wa tatu ni nini kilibadilika hapo dukani? Akasema hakuna. Nikamwambia fikiria tena. Akafikiria, akasema, labda ile saluni ya jirani kuhamia Umoja. Nikauliza waifai ilikuwa ya nani. Kimya.

Basi hiyo ndiyo ilikuwa shida yote. Walikuwa wanachangia waifai na mwenye saluni, saluni ikahama na rauta yake, anti akaanza kununua bando. Na bando inafanya kila kitu, WhatsApp inaingia, M-Pesa inaingia, video za mapishi zinacheza, kwa hivyo kwa macho yake intaneti iko sawa tu. Lakini ile programu ikiwekwa na mtu hajagusa setingi, inatuma picha kwa waifai peke yake, isikumalizie bando. Picha moja ya simu ya siku hizi ni MB tatu nne hivi, video ndio usiseme. Kwa hivyo waifai ilipopotea, bakapu haikuharibika, ilikaa ikingoja. Na kwa sababu kungoja si kosa, haikupiga kelele, hakuna alama nyekundu, hakuna kitu kinakushtua ukiwa unauza mkate. Ukitaka kujua lazima ufungue programu yenyewe ubonyeze picha yako ile ya duara kule juu upande wa kulia, hapo ndio inasema ukweli. Ikiwa mambo ni sawa utasoma `Backup complete`. Ya anti ilikuwa inasema `Waiting for Wi-Fi`, nafikiri tangu Machi hiyo hiyo, lakini hiyo niliiona baadaye.

Nikamwambia usitupe ile simu ya zamani na usimpe fundi yeyote akakuambia ataifanya riseti. Hiyo ndiyo kitu ya muhimu kabisa. Simu za sasa zimefungwa kwa ndani, huwezi toa chipu ukasoma picha kwa kompyuta kama miaka ile, bila patani yako hizo picha ni takataka tu, na ukiriseti umezimaliza. Njia ni kuifungua ikiwa vile vile ilivyo.

Akaniletea Luthuli kesho yake asubuhi. Kwa simu yenye kioo kinaonyesha lakini tachi imekufa kuna njia rahisi sana watu hawaijui, ni maus ya kawaida ya kompyuta. Unachukua ile adapta ndogo ya OTG, unachomeka kwa tundu la chaji, unachomeka maus, na kale kamshale kanatokea kwa skrini. Nilichaji simu kwanza ikajaa, kwa sababu ukishachomeka maus tundu ni moja na huna pa kuchajia. Nikampa anti maus achore patani mwenyewe, sikutaka kuijua. Mara ya kwanza mkono ukateleza. Mara ya pili ikafunguka na akanipiga kofi la mgongo.

Si kila simu itakubali hivyo. Kuna zile ambazo OTG lazima uiwashe kwa setingi kabla, na kama tachi imekufa utaiwasha na nini? Hizo, na zile za kioo cheusi kabisa, dawa ni kubadilisha kioo hata kama huitaki hiyo simu tena, unalipia kioo ili utoe picha.

Sikuingoja waifai kwanza. Nilitia memori kadi nikakopi folda nzima ya `DCIM`, ndio tukakaa chini kutafuta Juni. Na tarehe 21 ilikuwepo. Invoisi imelala juu ya gunia la sukari, 18,400, biro ya bluu, "keshi 8,400", sahihi ya dereva, na kidole gumba cha anti kimeziba kona moja.

Kuna risiti zingine nazo hazikuwa hapo, zile ambazo wenye mali walikuwa wanamtumia kwa WhatsApp badala ya kumpa karatasi. Hizo hazikuwa zimewahi kupanda hata siku moja, hata wakati saluni iko. Ile programu huchukua picha za kamera, folda zingine mpaka uziruhusu moja moja kwa setingi. Za WhatsApp hukaa huku:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Images
```

Nikakopi hiyo pia. Halafu ndio tukaiunganisha na waifai ya jengo, ikaanza kutuma, ikachukua karibu mchana wote, anti ameketi kwa stuli yangu anawaambia wateja wangu habari za madeni yao ambayo hayamhusu.

Lakini Aprili na Mei hazikupatikana. Mwanzo wa Juni simu ilimwambia imejaa, na anti, akijua picha zote ziko juu, akaenda kwa galari akashika moja kwa kidole, akachagua miezi miwili yote, akafuta. Angetumia ile ya `Free up space` iliyo ndani ya programu yenyewe ingemkatalia, kwa sababu hiyo hufuta zile tu ambazo zimeshapanda. Ukifuta kwa mkono haiulizi. Na ile pipa ya takataka haingoji milele, picha iliyokuwa imeshapanda inakaa siku 60, lakini ambayo haijapanda ni siku 30 tu halafu imeenda. Sisi tulikuwa tunatafuta Septemba. Nilijaribu kuangalia kwingine, nikapata chache alizokuwa ametumia dada yake kwa WhatsApp, basi.

Yule kijana wa unga alirudi wiki iliyofuata. Akaonyeshwa picha, akaikuza na vidole viwili, akaangalia sahihi, akasema huyo dereva aliacha kazi Julai. Anti akamwambia hiyo si shida yangu, andika hapo kwa kitabu chako nimelipa, na utie sahihi. Akaandika. Anti akapiga picha.

Bando ya bakapu amekataa kabisa, nilimweleza unaweza kuruhusu data na kuiwekea kikomo cha siku, akasema bando ni ya biashara. Sasa Jumapili akienda kwa binti yake Donholm, kuna waifai huko, anafungua programu mwenyewe na haondoki mpaka asome `Backup complete`, hata chai ikipoa. Madeni ya Aprili na Mei alienda kuuliza watu mlango kwa mlango kwa sababu daftari la hiyo miezi lilikuwa limelowa mafuta. Wengi walikubali. Yule wa nyumba namba tano anasema gesi alilipa.